Protini: niigawe kila mlo au nile kabla ya kulala? Miezi mitano misuli imegoma

HamaliWaGati

Asalam aleikum wanajukwaa. Mimi ni hamali hapa gati ya Amu, miaka 26, uzito kilo 68. Mchana napakua simiti na mchele, jioni baada ya Magharibi naingia jimu ya mtaani Langoni mara nne kwa wiki. Miezi miwili ya mwanzo nilipanda vizuri. Tangu hapo ni miezi mitano, mizani inasoma kilo 68 zile zile, skwoti imekwama kilo 90, benchi kilo 65.

Protini naila ya kutosha kwa hesabu yangu. Asubuhi mahamri manne na chai ya rangi. Mchana wali na kunde pale kibandani. Usiku saa tatu nakula samaki wangu peke yangu, changu au tasi wa gramu 600, mama ananipikia wa nazi au wa kukaanga. Nilisoma kwamba samaki ana gramu 20 za protini kwa kila gramu 100, kwa hiyo huyo mmoja ananipa 120. Ukiongeza za asubuhi na mchana nafika 145 au zaidi. Kwa uzito wangu hiyo ni nyingi.

Sasa wenzangu jimu wananiambia kosa ni kula yote usiku, eti nigawe mara tano sita. Mwengine anasema nisigawe, niongeze ya kabla ya kulala. Nani asema kweli? Kazi yangu hainipi nafasi ya kula kila saa tatu, kwa hiyo nataka kujua kama jambo hili lina uzito wa kweli kabla sijajisumbua.

ChumaNaJasho

Kaka jibu lako liko wazi. Mwili haupokei zaidi ya gramu 30 kwa mlo mmoja. Ukila 120 usiku, 90 unazikojoa. Kuna utafiti wa 2013, vijana walifanya mazoezi ya miguu halafu wakapewa gramu 80 za unga wa protini ndani ya saa 12. Kundi moja walipewa 10 kila baada ya saa moja na nusu, kundi la pili 20 kila baada ya saa tatu, la tatu 40 kila baada ya saa sita. Walioshinda ni wale wa 20 kila saa tatu. Hapo hakuna mjadala. Mimi naamka saa nane usiku nakunywa maziwa narudi kulala, na mwaka huu nimeongeza kilo nne.

Nahodha_Matondoni

Mimi sikubali. Babu zetu walikuwa wanakwenda baharini na kipande cha mkate, wanakula shibe yao usiku, na vifua vyao mliviona. Na mwezi wa Ramadhani je? Tunakula futari, daku, basi. Hakuna anayerudi mifupa mitupu Idi.

ChumaNaJasho

Nahodha, babu zetu walivuta kamba na kutweka tanga kutwa nzima. Hatujui wangekuwaje kama wangekula mara tano.

BiLishe_Malindi

Waaleikum salaam mwanangu HamaliWaGati. Mimi ni afisa lishe hapa Malindi, na nimeona swali lako kwa wengi. Kabla sijagusa habari ya kugawa, nataka nikuulize jambo moja: hizo gramu 600 umezipima wapi? Sokoni samaki akiwa mzima, au umepima mnofu?

HamaliWaGati

Sokoni mama. Mizani ya muuza samaki, mzima na kichwa chake.

BiLishe_Malindi

Basi hapo ndipo penye tatizo lako, na halihusu saa za kula.

Ile gramu 20 kwa gramu 100 ni ya mnofu mbichi, nyama peke yake. Changu mzima ana kichwa kikubwa, ana magamba, matumbo, mapezi na mfupa wa katikati. Ukimaliza kutoa vyote hivyo, kinachobaki cha kuliwa huwa chini ya nusu. Kesho fanya hivi: kabla mama hajamtia viungo, mtoe mnofu pande zote mbili kwa kisu chembamba, uuweke kwenye mizani ya jikoni, uone. Usipime akishaiva, kwa sababu moto unamtoa maji na utapata namba nyengine isiyolingana na ile uliyoisoma.

Ukipata jibu rudi, nitakuandikia yaliyobaki. Sitaki kukupa ushauri juu ya hesabu ya kukisia.

MzeeWaShela

Mimi nina miaka 64, nami kula usiku kumenitesa sana. Nikila saa tatu nikalala saa nne, kiungulia kinanipanda mpaka kooni. Daktari alinikataza. Sasa nyinyi vijana mnaambiana mle kabla ya kulala, mtakuja kulia. Isitoshe tumbo ndilo linalokua, si misuli. Mimi mwenyewe miguu imekonda, ngazi za nyumba yangu zinanishinda siku hizi, na tumbo liko pale pale.

MamaChuma

Mzee wangu, swali la kijana lilikuwa juu ya misuli, ila habari ya miguu kukonda usiiache ipite, nadhani Bi Lishe atakuwa na neno.

Kwa upande wangu: nainua vyuma Malindi mwaka wa tatu. Mwaka jana nilianza kunywa kikombe kikubwa cha unga wa kasini, ile protini ya maziwa inayopita tumboni polepole, saa nne usiku, na ndani ya miezi mitatu nguo za mabega zilinibana. Kwangu mimi ya kabla ya kulala imefanya kazi, nimeiona kwa macho.

HamaliWaGati

Nimerudi. Leo changu alikuwa gramu 610 sokoni. Nimemtoa mnofu mwenyewe, mama ananicheka jikoni. Nilianza nyuma ya kichwa nikashuka na kisu juu ya mfupa mpaka mkiani, nikageuza upande wa pili, nikakwangua na mashavu. Mizani imesoma 272. Kichwa, mfupa na mengine yote yamebaki kwenye sinia, rundo kubwa kuliko nyama yenyewe. Nimeshangaa.

BiLishe_Malindi

Vizuri sana. Gramu 272 za mnofu ni kama 54 za protini. Tuseme 54 badala ya 120.

Sasa mahamri. Hamri la kawaida lina unga wa ngano kama gramu 30, na protini ya unga huo ni gramu tatu hivi. Manne ni 12. Chai ya rangi haina kitu. Mchana wali vikombe viwili ni kama nane, na kunde za kibandani, ambazo mara nyingi ni nusu kikombe na mchuzi mwingi, ni saba. Jumla ya siku: 54, na 12, na 15. Ni 81. Gawa kwa kilo zako 68 upate gramu 1.2 kwa kilo.

Mwaka 2018 walikusanya majaribio 49 ya watu wanaoinua vyuma na kuongezewa protini, wakatazama ni wapi nyongeza inaacha kuonekana kwenye misuli. Kwa wastani ilikuwa karibu na gramu 1.6 kwa kilo kwa siku. Mstari huo si ukuta, upana wa makadirio yao ulifika hata 2.2, lakini wewe uko chini yake. Kwa kilo 68, 1.6 ni gramu 109. Unapungukiwa 28.

Ndiyo maana nikakataa kukujibu mapema. Ungezigawa hizo 81 mara sita na kuhangaika gatini na vibakuli, bado zingekuwa 81.

ChumaNaJasho

Sawa kuhusu jumla, nakubali. Lakini Bi Lishe, bado ule utafiti wa gramu 20 kila saa tatu hujaujibu. Na hizo 54 za usiku, si anapoteza 24?

BiLishe_Malindi

Swali zuri, mwanangu, na utafiti umeueleza kwa usahihi. Ila tazama walichopima. Waliwachukua kipande kidogo cha msuli wa paja kwa sindano na kupima kasi ya msuli kujijenga ndani ya saa hizo 12 tu. Hakuna aliyekua hapo, muda wenyewe hautoshi. Vijana hawakula kitu kingine chochote, wali hakuna, mafuta hakuna, ila unga wa wei, protini ya maziwa ambayo inapita tumboni haraka kama maji. Gramu 10 za wei kila mara zilikuwa chache mno kuamsha msuli vizuri, na 40 zilikwisha kabla saa sita hazijafika. Samaki wa nazi na wali hapiti hivyo. Ukila saa tatu usiku, mpaka alfajiri tumbo bado linaachia kidogo kidogo.

Na habari ya kukojoa zilizozidi gramu 30: hiyo ilikuwa imani ya wengi, na mimi mwenyewe niliifundisha zamani. Mwaka 2023 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwapa vijana 36 baada ya mazoezi ama gramu 100 za protini ya maziwa kwa mpigo, ama 25, ama sifuri, wakawafuatilia saa 12. Wale wa 100 misuli yao iliendelea kujijenga kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, na kiasi kilichochomwa tu kama kuni kilikuwa kidogo sana ukilinganisha na walichokula. Mlo mkubwa unachukua muda mrefu zaidi kutumika, haupotei.

Nao pia walipima saa, hawakupima miezi. Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba mlo mmoja wa gramu 100 kila siku utakupa mwili sawa na milo minne. Ninachosema ni kwamba zile gramu 24 ulizozililia hazijapotea.

MamaChuma

Na mimi je? Kasini yangu ya usiku?

BiLishe_Malindi

Dada yangu, nakuamini kwamba umekua. Ninachouliza ni kipi kilichokukuza.

Walianza hivi, mwaka 2012, watafiti hao hao wa Maastricht. Vijana walifanya mazoezi saa mbili usiku, wakapewa chakula kidogo baada ya mazoezi, halafu saa tano na nusu wengine wakanywa gramu 40 za kasini na wengine maji. Waliokunywa kasini misuli ilijijenga usiku kwa kasi ya juu, kama asilimia 22 zaidi. Ni jambo lililo wazi: msuli unaweza kutumia chakula wakati umelala, tumbo halifungi duka. Lakini upande wa pili walikunywa maji. Walilinganisha kula na kutokula.

Ikaja ile ya 2015 ambayo wauza unga wanaipenda sana. Vijana 44, wiki 12 za vyuma. Nusu walikunywa gramu 27.5 za protini kila usiku kabla ya kulala, nusu walikunywa kinywaji kisicho na chakula ndani yake. Waliokunywa protini walipata misuli na nguvu zaidi. Sasa angalia jumla: hao walikuwa wanakula 1.9 kwa kilo kwa siku, wenzao 1.3. Mmoja alikuwa juu ya mstari niliomtajia HamaliWaGati, mwengine chini yake. Huwezi kujua hapo kama aliyefanya kazi ni usiku au ni zile gramu za ziada.

Baadaye wengine walijaribu kutenganisha mawili hayo. Waliwapa watu kasini ile ile, kiasi kile kile, wengine mchana na wengine usiku, kwa wiki nane hadi kumi. Tofauti haikuonekana. Makundi yao yalikuwa madogo, kwa hiyo tofauti ndogo ingeweza kujificha, lakini kubwa isingejificha.

Ulipoanza kasini, ulipunguza chochote mchana?

MamaChuma

La. Niliongeza tu juu ya nilivyokuwa nakula. Hesabu sijawahi kupiga. Bado nina shaka, kwa sababu asubuhi naamka bila njaa na mazoezi ya alfajiri yananiendea vizuri zaidi. Hilo nalo si kitu?

BiLishe_Malindi

Ni kitu. Kama inakufanya ufike jumla yako bila taabu na unalala vizuri, endelea. Ila usimwambie mwenzio kwamba saa nne usiku ina siri ambayo saa nne asubuhi haina.

ChumaNaJasho

Mimi nina jengine. Kuna utafiti wa Japani wa 2020, vijana wanaoinua vyuma wiki 12, jumla yao ya siku karibu sawa, 1.3 kwa kilo. Tofauti ilikuwa asubuhi tu: kundi moja walikula protini ya kutosha kifungua kinywa, jengine kidogo sana. Walioshiba asubuhi waliongeza nyama zaidi. Huo si wa saa 12, ni wa wiki 12. Utasemaje hapo?

BiLishe_Malindi

Hapo umenibana kidogo, na sitauficha. Walioshiba asubuhi waliongeza kama kilo 2.5, wenzao kama 1.8, na watu walikuwa 26 tu, kwa hiyo ile tofauti iko ukingoni, inaweza kuwa kweli na inaweza kuwa bahati. Tena jumla yao ilikuwa 1.3, chini ya inayotosha. Mimi naona kwamba anayekula kidogo ndiye anayefaidika zaidi na kugawa, kwa kuwa kila gramu ina kazi. Aliyefika 1.6 au 1.8 sidhani atauona mgawo kwenye kioo.

ChumaNaJasho

"Naona" na "sidhani". Mimi nitaendelea na milo yangu mitano mpaka waje na jaribio kubwa.

BiLishe_Malindi

Una haki hiyo mwanangu. Ila ile ya kuamka saa nane usiku iache. Unakatiza usingizi ili uupe msuli kitu ambacho chakula cha saa tatu bado kinaupa.

Nahodha_Matondoni

Ramadhani hamkunijibu.

BiLishe_Malindi

Samahani nahodha. Kuna kazi iliyofanywa Tunisia kwa watunisha misuli waliofunga mwezi mzima, wengine wakifanya mazoezi wakiwa na saumu na wengine baada ya futari. Miili yao haikupoteza misuli, makundi yote mawili. Kwa mwezi mmoja, milo miwili au mitatu ya usiku inabeba mzigo, almuradi jumla ipo. Hao walikuwa wanakula vya kutosha. Anayefuturu kwa kaimati na uji, akalala, akala daku ya chai, huyo jumla yake imeanguka na atarudi Idi na nguo zimelegea.

Mzee wa Shela, nawe sijakusahau. Vijana wanaamsha msuli kwa kama robo gramu ya protini kwa kila kilo ya mwili kwa mlo. Kwa umri wako inahitajika karibu 0.4, maana msuli wa mtu mzima ni mzito wa kusikia. Una kilo ngapi?

MzeeWaShela

Sabini na mbili. Asubuhi nakula mkate na chai, mchana wali na samaki kidogo, usiku uji.

BiLishe_Malindi

Basi wewe ndiye katika uzi huu ninayemhofia mgawo zaidi ya kijana. Kwako mlo unaosikika ni kama gramu 29, na hakuna mlo hata mmoja unaofika hapo. Usile usiku wa manane, kiungulia chako kinakukataza na mimi pia. Sogeza samaki: mnofu wa ukubwa wa kiganja mchana bila kupunguza, na asubuhi mayai mawili na kikombe cha mbaazi. Halafu utafute mazoezi ya miguu, hata kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi, mafungu matatu, kwa kuwa chakula peke yake hakitarudisha hizo ngazi. Na kama umewahi kuambiwa figo zako zina shida, simama hapo hapo, muulize daktari wako kwanza kabla ya kuongeza.

MzeeWaShela

Figo sijaambiwa kitu. Nitauliza nikienda kupima presha. Shukran binti yangu.

HamaliWaGati

Mama mimi sasa nifanye nini hasa? Gatini sina friji wala nafasi.

BiLishe_Malindi

Unapungukiwa 28. Mayai mawili ya kuchemsha asubuhi pamoja na mahamri, hiyo ni 12. Pakiti ya nusu lita ya maziwa, ni 16. Umefika 109. Maziwa uyanywe wakati wowote unaokufaa. Ukipenda saa tano usiku kabla ya kulala, sawa, ila ujue unayanywa hapo kwa sababu ndipo jumla inapokamilika. Mayai nayaweka asubuhi kwa sababu mlo wako wa asubuhi ni mwembamba, na nikimsikiliza ChumaNaJasho, haina hasara.

Jengine ambalo hukuliuliza: uzito wako haujasogea miezi mitano na mchana unabeba simiti. Hiyo inaniambia chakula chote kwa jumla ni kidogo, si protini peke yake. Ongeza wali mchana, na usiuogope mchuzi wa nazi. Jipime asubuhi kabla ya kula, mara tatu kwa wiki, uchukue wastani. Ukiongeza robo kilo hivi kwa wiki mbili, uko njiani. Usipoona kitu baada ya wiki nne, ongeza sahani, usihamishe saa.

HamaliWaGati

Wiki ya saba leo, nimeona nirudi. Mayai sikukosa ila siku mbili. Maziwa nilianza kuyanywa usiku, tumbo likajaa gesi, nikabadilisha kwa maziwa lala ya mchana na tumbo limetulia. Wali nimeongeza. Wastani wa mizani ni 69.1. Skwoti nimepiga 95 mara tano jana. Benchi bado 65, haijasogea hata kidogo, na sijui kwa nini.

ChumaNaJasho

Benchi unapiga mara ngapi kwa wiki?

HamaliWaGati

Mara moja.

ChumaNaJasho

Hilo tulijadili uzi mwengine. Nitumie ujumbe.